Alama Hupangwa Kabla Hujaitwa

Hotuba kwa wafanyakazi wa maghala na usafirishaji, Eneo la Viwanda, Nairobi

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wafanyakazi, hamjambo. Asanteni kwa kuiacha Jumamosi yenu mkaja kunisikiliza. Najua baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku na bado mna matatu ya kupanda hadi Rongai au Githurai, kwa hivyo sitazunguka.

Nimefanya kazi miaka mingi katika idara ya wafanyakazi, yaani upande ule wa meza ambao nyinyi mnaulalamikia. Nimekaa katika vikao vinavyopanga alama za watu. Leo nazungumzia jambo moja tu: umeona dalili kwamba tathmini ya utendakazi ya mwaka huu itakuonea. Ufanye nini kabla, na ikishakupata, ufanye nini baadaye?

Wengi hujitayarisha kwa ajili ya siku ya kuitwa ofisini. Mtu anapiga shati pasi, anapanga maneno yake njiani, anaomba Mungu. Lakini katika kampuni nyingi, hasa zile zenye mameneja kadhaa, siku hiyo alama imeshaamuliwa. Kinachobaki ni kukusomea.

Huwa inakwenda hivi. Kabla ya watu kuitwa, mameneja hukutana kusawazisha alama. Orodha ya majina iko ukutani. Fungu la nyongeza ya mishahara limeshawekwa, na mwenye mali hataki kila mtu apate 4 kati ya 5. Wa 5 watakuwa wachache, wengi watapewa 3, na wa 2 nao sharti wapatikane. Jina linasomwa, meneja wake anasema maneno machache, wengine wanauliza swali moja, kisha jina linalofuata. Meneja akija na tarakimu, mtu wake hupona. Akija na “huyu ni mchapakazi kwa kweli,” mtu wake hushushwa, kwa sababu kila meneja ana wachapakazi wake. Na bosi asiyekupenda hana haja ya kusema uongo kikaoni. Akinyamaza tu, umeshuka.

Kwa hivyo usiulize, “Nitaitwa lini?” Nenda idara ya wafanyakazi, uulize kwa upole, “Alama zinafungwa lini?” Hiyo ndiyo tarehe yako. Chochote unachotaka kijulikane kiwe kimeandikwa na kupokelewa kabla yake. Ikiwa kuna fomu ya kujitathmini mwenyewe, ijaze mapema na uijaze vizuri. Nimeona fomu nyingi zilizojazwa “nimefanya kazi kwa bidii” na basi. Ile fomu ndiyo karatasi pekee inayoingia kikaoni ikiwa na sauti yako, na mtu anaiandika akingoja chai ichemke.

Utajuaje kwamba unaelekea kuonewa? Kuna kuhisi vibaya, na kuna dalili. Mimi hutazama dalili mbili. Ya kwanza ni lengo lililobaki pale pale ilhali vifaa, watu au eneo la kazi vimepunguzwa, na hakuna karatasi inayosema hivyo. Ya pili ni lawama zisizo na tarehe. Ukisikia “una mtazamo mbaya” au “wateja wanalalamika,” na ukiuliza ni mteja yupi na siku gani hupati jibu, jua kuna kitu kinapikwa. Bosi kuwa mkali si dalili. Kuna mabosi wakali wanaotoa alama za haki kabisa, na kuna wengine wanaocheka nawe hadi Desemba.

Sasa niwape kisa, tukifuate hatua kwa hatua. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mwenyewe asijulikane.

Dada mmoja alikuwa mratibu wa usafirishaji katika kampuni isiyo mbali na Barabara ya Enterprise. Lengo lake lilikuwa moja, rahisi kulitaja: mizigo 95 katika kila 100 ifike kwa mteja kwa wakati. Kipindi kilikuwa Julai hadi Desemba. Mizigo yote ilikuwa 1,200, wastani wa 200 kwa mwezi, na iliyochelewa ilikuwa 144. Ukipiga hesabu, iliyofika kwa wakati ni asilimia 88. Kwenye karatasi, ameshindwa. Meneja wake alikuwa ameshaanza kusema kwenye korido kwamba “yule dada amelegea.”

Mtu akiwa na hasira huanza kueleza kwa nini amechoka, nani anamchukia, na jinsi mwenzake mvivu kuliko yeye alivyopewa 4 mwaka jana. Huyu dada aliketi na kuigawa ile 144 kwa miezi. Julai ilichelewa mizigo 8, Agosti 10, Septemba 9. Kisha Oktoba 45, Novemba 48, Desemba 24. Hebu tazameni. Miezi mitatu ya kwanza ni mizigo 27 tu kati ya 600, yaani alikuwa na asilimia 95.5, amepita lengo. Miezi mitatu ya mwisho ni 117 kati ya 600, akashuka hadi 80.5.

Mtu mmoja, dawati lile lile, kazi ile ile. Ni nini kilichobadilika mwanzoni mwa Oktoba? Malori. Kampuni ilikuwa na malori matano hapa Nairobi. Mawili yalipelekwa tawi la Eldoret, na moja likarudishwa katikati ya Desemba. Ndiyo maana hata Desemba yenyewe ni nafuu kuliko Novemba.

Wengi wangeishia hapo na kuandika, “Nilichelewa kwa sababu ya malori.” Hapo meneja anakujibu, “Kila mtu hulia malori,” na mjadala umekwisha. Yeye alikwenda hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo ningependa muishike kuliko yote nitakayosema leo. Aliipitia mizigo yote 117, mmoja mmoja. Mfumo wa ghala huonyesha saa ambayo mzigo umefungwa na karatasi zake zimekamilika. Daftari la geti huonyesha saa ambayo lori limetoka. Kati ya saa hizo mbili ndipo penye ukweli. Kwa mfano, mzigo umefungwa saa mbili asubuhi, karatasi zimesainiwa, lori likatoka saa nane mchana. Hizo saa sita si za mratibu, mzigo ulikuwa unangoja gari. Lakini kama lori lilikuwa getini saa mbili na karatasi zikasainiwa saa nne, hilo ni lake.

Alipomaliza, mizigo 94 ilikuwa imengoja lori. Mizigo 9 ilicheleweshwa na mambo ya njiani au mteja aliyefunga duka. Na mizigo 14 ilikuwa makosa ya dawati lake mwenyewe, karatasi kutokamilika mapema.

Zile 14 alizitaja, na akazitaja mwanzoni. Wenzake walimwambia asithubutu, eti anajichongea. Mimi nasema pale ndipo aliposhinda usikivu wa watu. Mtu anayesoma maelezo yako anatafuta kitu kimoja: kama unahesabu kwa haki. Akiona umejihesabia makosa yako, anaziamini hizo 94. Ukisema hata moja si yako, atatafuta moja iliyo yako, akiipata hataisoma karatasi tena.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Hizo tarakimu alizipata kutoka kwa mifumo aliyoruhusiwa kuifungua kwa kazi yake, na akaziacha ndani ya kampuni. Msijitumie mafaili ya kampuni kwenye baruapepe zenu za nyumbani, wala kupiga picha orodha ya wateja. Nimeona mtu aliyekuwa na kesi nzuri ya tathmini akafukuzwa kwa kosa la kutoa siri za kampuni, na hapo kesi ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Daftari lako mwenyewe linatosha: tarehe, kilichotokea, nani alikuwepo, na mahali kumbukumbu ilipo. Kumrekodi bosi kwa siri nako sikushauri. Kampuni nyingi zimelikataza katika kanuni zao, na ukigunduliwa mazungumzo yanahama kutoka kwa alama yako hadi kwa simu yako.

Basi akaandika ukurasa mmoja. Si kumi. Juu aliweka jedwali dogo la miezi sita lenye safu nne: mwezi, mizigo, iliyochelewa, malori yaliyokuwepo. Chini yake sentensi chache. Akaituma kwa meneja siku kadhaa kabla ya alama kufungwa, nakala kwa idara ya wafanyakazi, na maneno ya kawaida kabisa: “Naambatisha tarakimu za dawati langu kwa ajili ya tathmini, ili zikusaidie kwenye kikao.” Hakumlaumu mtu. Alimpa meneja kitu cha kusema.

Je, alipata haki? Hapana. Alipewa 2. Meneja ndiye aliyekuwa ameruhusu malori yaende Eldoret, na kuikubali ile karatasi kungekuwa kujishitaki. Bakshishi ya mwisho wa mwaka akaikosa. Nawaambia haya ili msiende nyumbani mkidhani jedwali zuri linamlazimisha mtu kuwa na haki. Halimlazimishi. Lakini kisa hakikuishia hapo.

Siku ya kuitwa, meneja alimsomea alama na kumwambia kwamba hana msukumo. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukibishana juu ya namba pale pale, haitabadilika, maana ilishapita kikaoni. Kazi yako chumbani ni kukusanya, si kushinda. Yeye aliuliza kwa sauti ya kawaida: “Nimekosa lengo lipi, na katika miezi ipi?” Kisha: “Nipe mfano mmoja wa siku niliyokosa msukumo.” Akanyamaza, kalamu mkononi. Meneja akasema jambo la jumla. Akaliandika vile vile lilivyosemwa, pamoja na saa.

Halafu ikaja fomu ya kusaini, na swali hili huulizwa kila mahali ninapokwenda: nisaini au nikatae? Saini, lakini kwanza soma maneno yaliyo juu ya mstari. Yakisema “nimeisoma” au “nimeipokea,” huna shida. Yakisema “nakubaliana,” usiyakate wala usitoke kwa kishindo. Andika kwa mkono wako kando ya saini: “Nimepokea. Sikubaliani na alama. Maelezo yangu yatafuata kwa maandishi.” Weka tarehe. Ukikataa kusaini, wataandika “amekataa kusaini,” na atakayelifungua faili miaka miwili baadaye ataliona hilo kwanza, asione sababu. Kama ni kwenye kompyuta na hakuna pa kuandika chochote, bonyeza kwamba umeipokea, na siku hiyo hiyo tuma baruapepe yenye maneno hayo hayo.

Jibu lenyewe usiliandike usiku huo. Lala kwanza. Lakini usingoje hadi mwezi uishe, kwa sababu kanuni nyingi za kampuni huweka siku za kukata rufaa, na huwa chache. Zitafute katika kitabu cha wafanyakazi kabla hata hujaitwa.

Barua yake ilikuwa hivi, kwa ufupi:

“Nimepokea tathmini ya Julai hadi Desemba yenye alama 2. Fomu inasema nimekosa lengo la asilimia 95. Julai hadi Septemba, nikiwa na malori matano, nilifikisha asilimia 95.5. Tangu mwanzo wa Oktoba malori yalikuwa matatu, hadi moja liliporudishwa katikati ya Desemba, na lengo halikubadilishwa. Kati ya mizigo 117 iliyochelewa kipindi hicho, 94 ilikuwa tayari kabla ya lori kupatikana, na kumbukumbu ziko kwenye mfumo wa ghala na daftari la geti. Mizigo 14 ni ya dawati langu, na nimebadilisha utaratibu wa karatasi. Nilielezwa pia kwamba sina msukumo. Niliomba mfano, sikupewa. Naomba alama ipitiwe upya, na barua hii iwekwe kwenye faili langu pamoja na tathmini.”

Basi. Hakuna “ninaonewa,” hakuna “meneja ana chuki.” Nia ya mtu huwezi kuithibitisha, na ukiitaja unaipa kampuni kitu rahisi cha kukanusha badala ya kile kigumu, yaani daftari la geti. Na tazameni anaiandikia nani. Kwa nje ni kwa meneja na idara ya wafanyakazi. Kwa kweli anamwandikia mtu asiyemjua, atakayelisoma faili baadaye.

Rufaa ilikataliwa kwa mistari miwili. Mwezi wa nne, kama alivyotarajia, akaletewa mpango wa kuboresha utendakazi wa miezi mitatu. Ndugu zangu, karatasi hii isomeni vizuri, maana hapa sasa tunakaribia kazi yenyewe. Huyu dada hakukataa. Aliandika akiomba mambo mawili: mpango utaje idadi ya malori atakayokuwa nayo, na kila wiki mbili mtu akutane naye na matokeo yaandikwe. Idara ya wafanyakazi, ikiwa na barua yake ya kwanza mezani, haikuweza kusema hilo ni jambo geni. Malori manne yakaandikwa kwenye mpango. Miezi mitatu ikaisha, lengo limefikiwa, mpango ukafungwa. Alama ya 2 bado imo kwenye faili hadi leo, na barua iko nyuma yake.

Niseme kidogo kuhusu sheria, kwa sababu wengine mnaitegemea mahali ambapo haifiki. Alama mbaya peke yake si kufukuzwa, na usitarajie jaji akae kubadilisha 2 yako iwe 4. Sheria ya Ajira ya 2007 huanza kuuma kampuni inapotaka kukuachisha kazi. Kifungu cha 41 kinasema, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya utendakazi duni, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize majibu yake, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Haki hiyo ya kuja na mwenzako haitoki kwenye sheria kwa kikao cha kawaida cha tathmini. Lakini ukipewa barua ya kujieleza, au ya kuitwa kusikilizwa, umeingia chumba kingine. Usiende peke yako.

Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu yake. Na mahakama yetu ya masuala ya ajira imeshasema kwamba neno “utendakazi duni” halitoshi. Mwajiri aonyeshe alikuwa akipima vipi, na alifanya nini kumsaidia mfanyakazi baada ya kuona upungufu. Sasa mnaelewa kwa nini ile barua ya ukurasa mmoja ina thamani hata baada ya rufaa kukataliwa. Siku hiyo ikifika, kampuni italeta tathmini kama ushahidi, na maelezo yako ya wakati ule ule, si yaliyotungwa baada ya kugombana, yatakuwa yamebanwa nayo. Ikiwa hata nakala ya tathmini hukupewa, iombe kwa maandishi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi wanazozihifadhi, na kuomba zilizo za uongo au za kupotosha zirekebishwe.

Msiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira mkitumaini kudai baadaye kwamba mlilazimishwa. Inawezekana kudai hivyo, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako, na ni mzito. Na hata anayeshinda kesi ya kuachishwa isivyo haki, fidia chini ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Ajira haizidi mshahara wa miezi 12. Si pesa ya kujengea nyumba Kitengela.

Naona mkono nyuma. Dada, sema.

Anauliza: alikuwa likizo ya uzazi miezi mitatu, akarudi akapimwa kwa lengo la mwaka mzima, akapewa 2. Asante, mama, swali lako linahitaji jibu tofauti na kisa nilichotoa. Hapo usianze na tarakimu za kazi yako, anza na kalenda. Likizo hiyo ni haki yako kisheria, kwa hivyo lengo lako ni la miezi tisa. Kama lilikuwa wateja wapya 120, sehemu yako ni 90. Ukileta 92, umepita. Andika hesabu hiyo katika mistari mitatu na uambatishe barua iliyokuruhusu likizo. Na hapa, tofauti na nilivyosema juu ya chuki ya meneja, taja jambo lenyewe kwa jina: sema umepimwa vibaya kwa sababu ya likizo ya uzazi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, na kifungu cha 46 kinasema ujauzito, au kuchukua likizo iliyo haki yako, si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Idara ya wafanyakazi ikiliona hilo kwa maandishi, itaamka.

Na ikiwa wameshakuachisha, mama, anza leo kuhesabu siku. Malalamiko kwa afisa wa leba yanapelekwa ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa. Mahakamani una miaka mitatu. Watu hupoteza ile miezi mitatu wakingoja kampuni iwapigie simu. Njoo tuonane hapo mlangoni tukimaliza, uje na ile barua.